Plagi janja ya zamani kukataa waifai

Plagi janja ni plagi ya umeme yenye redio ndogo ya waifai, ambayo mwenye nyumba huiwasha na kuizima kwa simu. Nyingi zilizotengenezwa miaka ya 2010 husikia bendi ya gigahezi 2.4 tu, tena hufahamu usalama wa WPA2 na si WPA3, uliotangazwa mwaka 2018. Simu za leo humudu vyote. Ndiyo maana katika nyumba moja ya Milimani au Lanet, mjini Nakuru, ruta ikibadilishwa simu zote huingia hewani, ila plagi ya taa ya nje hubaki ikimetameta.

Kabla ya kugusa ruta, ipime plagi yenyewe. Chukua simu mbili. Ya kwanza iwashe hotspot, uchague 2.4 GHz na WPA2, kisha uipe nenosiri la herufi na tarakimu kumi hivi, bila alama. Ya pili, yenye programu ya plagi, ijiunge na hotspot hiyo. Plagi ikijiunga, ni nzima, na kasoro iko kwenye mipangilio ya ruta. Ikikataa, irudishe kwenye hali ya kiwandani kwa kubonyeza kitufe chake kwa muda mrefu, ujaribu tena.

Kwenye ruta, anza na bendi. Ruta nyingi za faiba huunganisha gigahezi 2.4 na 5 chini ya jina moja, hivyo simu inayosajili plagi inaweza kuwa kwenye bendi ambayo plagi haiioni kabisa. Tenganisha majina, mathalani `Nyumbani-2G` na `Nyumbani-5G`. Bendi ya chini pia hupenya vizuri zaidi kuta za mawe ya machimbo, ambazo ni za kawaida katika nyumba za Nakuru, Gilgil na Njoro.

Kisha tazama usalama. `WPA3` peke yake humfungia mlango mkongwe huyu, na hata `WPA2/WPA3` huzikwaza baadhi ya plagi. Weka `WPA2-PSK` yenye `AES`. Usishuke hadi `WEP` wala usiache mtandao wazi, kwani jirani yeyote anaweza kuingia.

Mwisho ni nenosiri. WPA2 inaruhusu herufi 8 hadi 63, lakini baadhi ya plagi za zamani hushindwa na nenosiri refu au lenye nafasi na alama. Herufi na tarakimu 16 zisizokisika zinatosha. Badilisha jambo moja kwa wakati, ujaribu, ndipo uende kwa jingine. Vinginevyo hutajua lililokuwa kikwazo.

Ruta ikiruhusu, vifaa hivi vitengenezee mtandao wa wageni wa gigahezi 2.4 wenye WPA2, na mtandao mkuu uuache na WPA3. Plagi iliyokataa hotspot hata baada ya kurudishwa hali ya kiwandani haifai kuendelea kuhangaikiwa: nunua nyingine.