Shahidi Badala ya Sura: Jinsi Mtume Alivyosimuliwa Bila Kuchorwa

Mwaka 1595 mafundi wa kasri la Istanbul walikamilisha juzuu sita za Siyer-i Nebi, sira ya Mtume Muhammad (S.A.W.) iliyoagizwa na Sultani Murad III. Ndani yake mna mamia ya picha, na katika nyingi Mtume mwenyewe yumo, ila uso wake umefunikwa shela nyeupe na kichwa kimezungukwa na ndimi za moto wa dhahabu. Kazi hiyo ilikuwa ya kasri, na wengi katika umma hawakuiona kabisa. Wanazuoni wengi wangeikataa hata kwa shela yake, kwa sababu hadithi zinawaonya vikali watengenezaji wa sanamu, na kwa kuchelea kwamba picha ya kipenzi cha watu inaweza kuishia kusujudiwa.

Waislamu wengi hawakwenda na njia ya shela. Waliuacha mwili wote nje ya karatasi, wakamweka mbele mtu aliyemwona Mtume, aeleze. Kumtanguliza shahidi kwa namna hiyo kumezaa sanaa kadhaa, na tatu kati yake zinaonyesha vizuri nguvu zake na mipaka yake.

Ya kwanza ni hilya, ubao wa khati unaoeleza umbo na tabia za Mtume. Aliyeupa mpangilio unaofuatwa hadi leo ni Hafiz Osman wa Istanbul (1642–1698). Juu kabisa huandikwa Bismillahi. Chini yake kuna duara kubwa lenye maelezo yenyewe, mara nyingi likikumbatiwa na mwezi mwandamo wa dhahabu. Kwenye pembe nne zinazolizunguka duara kuna viduara vinne vyenye majina ya makhalifa: Abubakar, Umar, Uthman na Ali. Kisha hufuata aya ya Qur'ani kwa herufi kubwa, ambayo mara nyingi ni ile inayomtaja Mtume kuwa rehema kwa walimwengu. Chini kabisa maelezo humalizikia, na mwandishi hutia jina lake.

Maelezo yaliyozoeleka zaidi ni ya Sayyidna Ali, kama yalivyopokewa na Imamu Tirmidhi. Ukiyasoma polepole utaona jinsi yanavyomponyoka mchoraji. Ali anasema Mtume hakuwa mrefu wa kupindukia wala mfupi, na nywele zake hazikuwa za kujikunja sana wala za kulala kabisa. Anaweka mipaka pande mbili na kuiacha nafasi ya katikati wazi. Kisha anataja mambo yasiyochoreka: mwendo wake ulikuwa kama wa mtu anayeteremka mlima, na alipogeuka aligeuka kwa mwili mzima. Aliyemwona ghafla aliingiwa na haiba yake, na aliyekaa naye akamjua alimpenda. Hapo sifa ya Mtume inaelezwa kwa yale yaliyompata mtazamaji, na msomaji huwekwa mahali alipokuwa Ali, akimtazama.

Pwani yetu inaijua njia hii kwa sikio zaidi kuliko kwa jicho. Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa Madina katika karne ya 18 na Jaafar al-Barzanji, yana mlango mzima wa kueleza umbo la Mtume na mwingine wa tabia zake. Yanaposomwa Lamu, Unguja au Tanga na msomaji akafika penye kuzaliwa, waliohudhuria husimama wote. Hakuna kilichoonyeshwa mbele yao. Usimulizi peke yake umewainua kwa heshima ambayo mtu humpa mgeni anayeingia.

Sanaa ya pili inahusu mahali. Dalailul Khairat, kitabu cha kumswalia Mtume cha Imamu Jazuli wa Moroko, aliyefariki katika karne ya 15, kina sehemu inayoeleza mpangilio wa makaburi matatu ya Madina: la Mtume, la Abubakar na la Umar. Wanakili wakaanza kuchora sehemu hiyo. Katika nakala za Maghribi huwa ni mistatili mitatu ndani ya fremu, na pengine taa inayoning'inia juu. Ukurasa wa pili huonyesha mimbari na mihrabu. Hamna mtu wala kivuli. Tena makaburi hayakupangwa sawasawa katika nakala zote, kwa sababu riwaya zenyewe zinatofautiana kuhusu nani amelala wapi. Mchoro ulifuata neno la msimulizi. Baadaye, hasa katika nakala za Kiosmani za karne ya 18, Makka na Madina zikachorwa zikikabiliana, na minara na nyumba zake, kwa macho ya mtu anayezitazama kutoka juu. Aliyekuwa mbali na Hijazi alimswalia Mtume akiwa na Madina wazi mikononi mwake.

Ya tatu ni filamu, na hapa ndipo njia ya shahidi ilipojaribiwa kwa ukali zaidi. Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab nchini Syria, alitoa Ar-Risala mwaka 1976. Alitengeneza filamu mbili kwa pamoja, ya Kiarabu na ya Kiingereza, zenye waigizaji wakuu tofauti. Hamza, ami yake Mtume, aliigizwa na Abdullah Gaith katika ya kwanza na Anthony Quinn katika ya pili. Kazi ilianzia Moroko, ikazuiwa kwa shinikizo la Saudia, ikamalizikia Libya.

Katika saa karibu tatu za filamu, Mtume haonekani wala hasikiki. Kamera inakuwa macho yake. Madina, Waislamu wanapojenga msikiti, Hamza na wenzake huielekea kamera na kuzungumza nayo kwa adabu. Hunyamaza, husikiliza jibu tusilolisikia, kisha mmoja wao hulirudia ili tujue limesemwa nini. Muziki laini wa kinanda hutangulia kutuambia kwamba yupo. Safari yake huonyeshwa kwa ngamia, na Sayyidna Ali, ambaye naye haonekani, hujulikana vitani Badr kwa upanga wake wenye ncha mbili.

Njia hii ina gharama zake. Mazungumzo ya upande mmoja hukwama, na uzito wote wa hadithi humwangukia Hamza, ambaye akishauawa Uhud filamu hupwaya. Gharama kubwa zaidi ilitokea nje ya ukumbi. Machi 1977, siku filamu ilipoanza kuonyeshwa Marekani, kundi lenye silaha lilivamia majengo matatu mjini Washington na kushika mateka zaidi ya mia. Miongoni mwa madai yao ni kwamba filamu isimamishwe. Uvumi ulikuwa umeenea kabla watu hawajaiona, kwamba Quinn anaigiza Mtume.

Mkasa huo unaonyesha tofauti kati ya filamu na sanaa zilizoitangulia. Hilya hutaja ni nani aliyesema, na Dalailul Khairat hutaja riwaya inayofuatwa. Msomaji anamjua shahidi wake na anaweza kumpima. Akkad alianza filamu kwa tangazo kwamba Mtume hataonyeshwa, lakini tangazo hilo lilimfikia tu aliyekwisha kuingia ukumbini, na msimulizi wake alikuwa mwigizaji wa Hollywood ambaye umma haukuwa na sababu ya kumwamini. Anayetaka leo kusimulia watukufu bila kuwachora, kwa filamu, katuni au maonyesho ya makumbusho, aanze na swali ambalo wapokezi wa hadithi walilitanguliza siku zote: habari hii inatoka kwa nani, na wasikilizaji wanamjuaje?