Shaba na Vifungo Vyake Visivyolingana

Katika mwaka 1934 mambo mawili yalitukia Ulaya, moja katika maabara ya Uingereza na la pili katika mazungumzo ya wanafizikia mjini Kopenhagi, na waliohusika na la kwanza hawakuwa na habari ya la pili. Ilhali leo haiwezekani kulieleza moja pasi na kulitaja jingine.

Jambo la kwanza lilihusu mrututu, yaani salfeti ya shaba, jiwe la samawati ambalo watu wa pwani walilijua kuwa dawa ya vidonda na wakulima wa kahawa wakalijua kuwa dawa ya ukungu. Vijana wawili, Beevers na Lipson, walipitisha miali ya eksirei katika fuwele za jiwe hilo, na kwa hesabu ndefu za mkono wakaonyesha mahali pa atomi zake. Walikuta kwamba shaba imezungukwa na atomi sita za oksijeni, nne zikiwa za maji na mbili zikiwa za salfeti, na kwamba molekuli ya tano ya maji haikushikana na shaba hata kidogo, bali imening'inia pembeni kwa vifungo vya hidrojeni. Lakini lenye kushangaza zaidi lilikuwa umbali: zile oksijeni nne za maji zimekaa karibu na zile mbili za salfeti zimekaa mbali. Vipimo vilivyosahihishwa baadaye vinatupa takriban pikomita 196 kwa zile nne na takriban pikomita 240 kwa zile mbili, pikomita ikiwa ni sehemu moja ya trilioni ya mita. Msomaji angeweza kudhani, na wengi walidhani, kwamba tofauti hiyo yatokana na maji kuwa maji na salfeti kuwa salfeti. Dhana hiyo yavunjika mara tu tunapoitazama floridi ya shaba, ambayo majirani zake wote sita ni wa jinsi moja: humo namo vifungo vinne vina pikomita 193 na viwili vina pikomita 227. Kumbe sababu haimo katika majirani. Imo katika shaba yenyewe.

Jambo la pili ndilo lililokuja kuifichua sababu hiyo. Edward Teller, Mhungari aliyekuwa Kopenhagi katika taasisi ya Niels Bohr, alimweleza mwenzake Lev Landau wa Urusi kazi ya mwanafunzi wake Renner juu ya molekuli iliyonyooka ambayo elektroni zake zina hali mbili zenye nishati sawa. Landau aliipinga palepale, akasema kwamba hali mbili zikilingana hivyo, umbo la molekuli halitasimama, bali litapinda lenyewe hadi ulinganifu uvunjike. Kwa habari ya molekuli zilizonyooka Teller alikuwa na hoja ya kumjibu, na Landau akakubali. Ila pingamizi lenyewe likabaki katika fikira za Teller, mpaka alipohamia London na kukutana na Hermann Jahn, nao wakayapitia maumbo yote ya ulinganifu, moja baada ya moja, wakaona kwamba zile zilizonyooka ni istithnai, na kwingineko kote Landau alikuwa amesema kweli. Waliitangaza kanuni yao mwaka 1937, na miaka miwili baadaye Van Vleck, Mmarekani, akaielekeza kwenye ioni za metali zilizozungukwa na majirani sita.

Na tuione kanuni hiyo inavyofanya kazi katika shaba. Ioni ya shaba yenye chaji mbili ina elektroni tisa katika tabaka la d, tabaka lenye nafasi kumi. Majirani sita wakikaa kwa usawa, mmoja utosini, mmoja nyayoni na wanne kiunoni, obitali tano za d hugawanyika makundi mawili: tatu za chini, ambazo hupita baina ya majirani, na mbili za juu, ambazo huwakabili majirani uso kwa uso. Kati ya hizo mbili za juu, ile iitwayo z² huwakabili wa utosini na wa nyayoni, na ile iitwayo x²−y² huwakabili wanne wa kiunoni. Elektroni sita hujaza kundi la chini. Zinazosalia ni tatu, nazo zapaswa kukaa katika obitali mbili zenye nishati sawa, mbili upande mmoja na moja upande wa pili. Hapo ndipo penye ule ulinganifu usioweza kudumu. Majirani wa utosini na wa nyayoni wakisogea nje kidogo na wale wa kiunoni wakaingia ndani kidogo, z² hushuka na x²−y² hupanda kwa kiasi kilekile. Elektroni mbili hufaidika na moja hupata hasara, na faida ya moja hubaki. Amma kundi la chini, kwa kuwa limejaa, faida na hasara yake hufutana.

Pengine mtu atauliza: je, kuvinyoosha vifungo si gharama? Ni gharama, lakini gharama hiyo hukua kwa mraba wa msogeo, ilhali faida hukua kwa msogeo wenyewe. Kwa hiyo msogeo ukiwa mdogo, daima faida huizidi gharama, na umbo haliachi kusogea mpaka mizani ikae sawa. Kanuni hii hata hivyo haisemi kama umbo litarefuka au litafupika, kwani hesabu ya kwanza huyaona yote mawili kuwa sawa. Uzoefu ndio uliosema: shaba hurefuka, karibu mara zote. Mwaka 1959 floridi ya shaba na potasiamu, K₂CuF₄, ilitangazwa kuwa ni istithnai iliyofupika, na vitabu vikaipokea hivyo. Katika miaka ya 1970 ikabainika kwamba kila ioni ndani yake imerefuka kama kawaida, ila mihimili mirefu ya ioni jirani imelala ikikatana, na aliyechukua wastani wa mielekeo hiyo miwili aliona ufupi ambao kwa hakika haukuwapo.

Nimeyatanguliza haya ili tufike kwa Jannik Bjerrum, kwa sababu kazi yake, kwa rai yangu, ndiyo burhani iliyo safi kuliko zote, nayo ilifanywa bila kutafuta kuithibitisha kanuni yoyote. Katika tasnifu aliyoitoa Kopenhagi mwaka 1941, alipima kwa elektrodi ya kioo ni amonia ngapi hushikwa na metali katika mmumunyo, si kwa jumla, bali hatua kwa hatua, kila amonia kwa nguvu yake. Nikeli ilimpa mteremko wa taratibu: amonia ya kwanza hushikwa kwa kigezo cha msawazo cha 630, ya pili 170, ya tatu 54, ya nne 15, ya tano karibu 6, na ya sita 1. Hakuna ngazi iliyokatika. Nikeli hupokea sita kama mwenyeji asiyewabagua wageni. Kwa shaba ngazi huanza juu zaidi na kushuka vizuri: 14,000, kisha 3,200, kisha 780, kisha 135. Baada ya hapo hukatika ghafla, kwani amonia ya tano ina 0.3 tu, pungufu ya ile ya nne kwa zaidi ya mara mia nne. Maana yake ni kwamba amonia huru ikiwa moli moja katika lita, ioni zenye amonia tano hazifiki hata theluthi moja ya zile zenye nne, na mwenye kuitaka ya tano hana budi kuimimina amonia kwa wingi mkubwa. Nne za kiunoni hushikwa kwa nguvu, ya tano huguswa kwa mbali, na ya sita katika maji haikupatikana. Yale ambayo eksirei iliyaona kama urefu, Bjerrum aliyapima kama mapenzi ya shaba kwa kila mgeni wake.

Kisha ikaja rangi. Bjerrum pamoja na Ballhausen na Jørgensen walitoa mwaka 1954 uchunguzi wa nuru inayofyonzwa na ioni za shaba. Kama majirani sita wangalikuwa sawa, tungalitazamia ukanda mmoja wa ufyonzaji, elektroni ikiruka kutoka kundi la chini hadi la juu. Shaba iliyorefuka ina miruko mitatu, yote ikielekea x²−y²: mmoja kutoka z², mmoja kutoka obitali iliyolala baina ya majirani wa kiunoni, na mmoja kutoka zile mbili zilizosalia. Miruko hiyo imekaribiana mno, nayo hupandana mpaka ikaonekana ukanda mmoja mpana, usio na pande mbili sawa, wenye mteremko mrefu upande mmoja. Katika maji kilele chake kipo karibu na nanomita 800, ambapo jicho halioni; ukingo wake tu ndio unaoigusa nuru nyekundu, na ndiyo maana maji ya mrututu ni samawati hafifu. Amonia nne zikishika nafasi za kiunoni, x²−y² hupanda juu zaidi na kilele husogea hadi karibu na nanomita 600, katikati ya rangi ya chungwa, na mmumunyo huwa buluu nzito. Mtu angetazamia amonia ya tano isukume kilele mbele zaidi. Haikuwa hivyo: hukirudisha nyuma makumi kadhaa ya nanomita, kuelekea wekundu, kwa kuwa hukaa utosini, ikaisukuma z² juu, ikapunguza umbali wa mruko. Yule mgeni dhaifu aliyeonekana katika ngazi za 1941 ndiye huyu aliyeonekana katika rangi.

Hata hivyo upana wa ukanda peke yake si ushahidi wa kutosha, kwani mtetemo wa molekuli nao hupanua ukanda, na umbo la majirani watano hutoa ukanda unaofanana. Njia iliyo thabiti ni kuchukua fuwele moja ambayo eksirei imekwisha kuonyesha mielekeo yake, kuipoza, na kupitisha nuru iliyoelekezwa upande mmoja, kisha upande mwingine. Miruko mbalimbali hufyonza pande mbalimbali, na ule ukanda mmoja huachana vipande vyake. Brian Hathaway na wenzake walifanya kazi nyingi ya namna hiyo katika miaka ya 1960 na 1970, na jedwali za leo za nishati za shaba zimejengwa kwa sehemu kubwa juu yake.

Kuna mahali ambapo eksirei yaelekea kuipinga kanuni: katika chumvi K₂PbCu(NO₂)₆, eksirei katika joto la kawaida huona vifungo sita vya nitrojeni vyenye urefu mmoja, pikomita 211. Hii haikanushi kanuni. Mihimili mirefu hupokezana upesi, na eksirei huona wastani wake. Atomi za nitrojeni zenyewe huonekana zimetapakaa kwa ajabu kufuata mstari wa kifungo. Ikipozwa chini ya kama kelvini 280, ulinganifu huo huvunjika wazi. Nuru haingoji kupokezana huko, maana mruko wa elektroni huisha kabla atomi haijasogea, na kwa hiyo ukanda wa ufyonzaji huishuhudia shaba iliyorefuka hata pale eksirei inapoiona sawa.

Ugumu uleule umo katika ioni ya shaba ndani ya maji, ambako maji yaliyoishika shaba hubadilishwa mara bilioni kadhaa kwa sekunde, ilhali nikeli hubadilisha yake mara elfu thelathini hivi tu. Mwaka 2001 Pasquarello na wenzake, kwa mtawanyo wa nyutroni na kwa hesabu za kompyuta, walitoa hoja kwamba shaba katika maji haina majirani sita bali watano. Wengine wakashikilia wale sita, wanne karibu na wawili mbali. Ukanda wa nanomita 800 waweza kusomwa kwa njia zote mbili, na mjadala wa idadi hiyo haujapata hukumu iliyokubaliwa na wote.