Pensheni kila mwezi, kodi kila miezi sita: Bajeti ya mstaafu mpya Arusha

Arusha. Mstaafu mpya wa jiji hili huwa na tatizo moja ambalo hakulijua akiwa kazini. Pensheni inaingia kila mwezi, lakini kodi ya nyumba inadaiwa ya miezi sita kwa mpigo, na shida za ndugu hazina tarehe kabisa. Kinachovuruga bajeti ni kupishana huko kwa tarehe, hata pale ambapo hela yenyewe ingetosha.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyestaafu akiwa na miaka 60. Ametumikia miezi 408, yaani miaka 34, na wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu bora ni Sh1,200,000 kwa mwezi. Zamani alikuwa PSPF, mfuko uliounganishwa na mingine mwaka 2018 kuunda PSSSF.

Anapata kiasi gani?

Kikokotoo kinafanya hivi: mshahara wa mwaka (Sh14,400,000) unazidishwa kwa 408, kisha unagawanywa kwa 580. Jibu ni kama Sh10,130,000, ambayo ndiyo pensheni kamili ya mwaka.

Kwa waliokuwa PSPF na LAPF, mkupuo ulipandishwa mwaka 2024 kutoka asilimia 33 hadi 40. Hiyo asilimia 40 ya pensheni ya mwaka inazidishwa kwa 12.5, na mwalimu wetu anapata mkupuo wa kama Sh50.6 milioni. Asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12, sawa na kama Sh506,000 kila mwezi.

Maana yake, mtu aliyekuwa na mshahara wa Sh1,200,000 kabla ya makato sasa anaishi kwa chini ya nusu ya hapo. Na hiyo 506,000 haipandi kila bei ya sokoni inapopanda.

Kodi kwanza, tena siku ileile

Tuseme anapanga vyumba viwili maeneo ya Sakina kwa Sh120,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita, yaani Sh720,000. Hela hiyo ni kubwa kuliko pensheni yote ya mwezi mmoja. Asiyejiandaa atakopa, na deni hilo litakula pensheni ya miezi inayofuata.

Njia inayofanya kazi ni kuigeuza kodi iwe ya kila mwezi, hata kama mwenye nyumba haitaki hivyo. Kodi ya miezi sita ya mwanzo ilipwe kutoka kwenye mkupuo. Kisha, siku pensheni inapoingia, Sh120,000 zihamishiwe akaunti ya pili isiyo na kadi wala huduma ya simu. Zikibaki kwenye simu, zitaombwa na zitatoka.

Kipimo ni rahisi. Mwezi wa tatu akaunti hiyo iwe na Sh360,000. Ikiwa na pungufu, usisubiri mwezi wa sita, maana bado una miezi mitatu ya kuziba pengo.

Kwa mwenye pagale huko Usa River au Ngaramtoni, hesabu ni nyingine. Kodi ya Sh120,000 ni Sh1,440,000 kwa mwaka. Kama kumalizia vyumba viwili na choo kutagharimu Sh9 milioni, hela hiyo inarudi baada ya miaka sita na ushee. Kwa mtu wa miaka 60, naona inalipa. Kisicholipa ni kuzika mkupuo wote kwenye nyumba ya vyumba sita ambayo watoto hawatakuja kuishi. Ila kumbuka kuongeza nauli ya kwenda kliniki kutoka huko.

Dawa: hesabu vidonge, siyo hela tu

Mtumishi aliyekuwa mwanachama wa NHIF anaweza kuendelea kutibiwa akistaafu, yeye na mwenza wake, lakini lazima akamilishe taratibu za kadi ya mstaafu. Watoto na wazazi waliokuwa kwenye kadi ya kazini hawabaki. Hapo ndipo wengi wanashtuka: mama mzazi aliyekuwa anatibiwa kwa kadi sasa anahitaji njia nyingine.

Hata ukiwa na kadi, tenga kitu. Mwalimu wetu ana presha na sukari, na kliniki yake iko Hospitali ya Mount Meru. Anatenga Sh45,000 kwa vijiti vya kupimia sukari, nauli, na dawa pale inapokosekana dirishani. Asipoitumia yote, inabaki kwenye fungu hilohilo.

Akilazimika kununua, amuulize mfamasia kwa jina la dawa yenyewe, kwa mfano amlodipini au metformini, badala ya jina la kampuni lililo kwenye boksi. Mara nyingi dawa ileile ipo ya kampuni nyingine kwa bei nafuu zaidi.

Dalili kwamba bajeti ya dawa imekufa haionekani benki. Inaonekana kwenye kopo. Kila Jumapili hesabu vidonge, linganisha na siku zilizobaki hadi kliniki. Vikiwa vingi kuliko siku, kuna dozi zinarukwa. Vikiwa vichache, vitaisha kabla ya tarehe. Kumeza nusu kidonge cha presha ili kisogeze mwezi ni kubana matumizi ambako kunaweza kuishia kwenye kiharusi.

Ndugu nao wana fungu lao

Habari za mkupuo husambaa haraka kuliko mkupuo wenyewe. Kusema "sina" hakusaidii, kwa sababu hakuna anayeamini. Kinachosaidia ni kuwa na fungu lenye mwisho. Kwa mwalimu wetu ni Sh60,000 kwa mwezi.

Msiba na ugonjwa vinatangulia. Ada inafuata, na ni bora ilipwe moja kwa moja shuleni. Harusi ni ya mwisho, na inatolewa kwa ahadi: kadi ya mchango ya Sh100,000 inaweza kulipwa miezi minne, Sh25,000 kila mwezi, kama ukiiahidi mapema. Fungu likiisha tarehe 10, jibu ni: "Mwanangu, ya mwezi huu imeshatoka, nakuweka mwezi ujao." Ni jibu la kweli, na ni rahisi kulirudia.

Vitu viwili visiguswe hata kwa mtoto wa kwanza: kumdhamini mtu mkopo, na kumwachia mkopeshaji kadi ya benki na namba ya siri. Wakopeshaji wa kausha damu wanaipenda sana kadi ya mstaafu, kwa sababu hela yake inaingia bila kukosa.

Kinachobaki

Baada ya kodi, dawa na ndugu, zinabaki Sh281,000. Umeme, maji na gesi tuseme Sh50,000, nauli na vocha Sh31,000, chakula Sh200,000. Imebana, ndiyo. Jumamosi ya gulio la Tengeru inaweza kuokoa kidogo kwenye ndizi na mboga, ila ondoa kwanza nauli ya daladala ndipo useme umeokoa.

Jambo moja la mwisho liandikwe kwenye kalenda ya ukutani: uhakiki wa wastaafu wa PSSSF, ambao sasa unaweza kufanyika kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani. Asiyejihakiki kwa wakati, pensheni yake inasimama mpaka afanye hivyo, na mwenye nyumba hatasubiri.