Adhabu Isiyohitaji Gereza

Kila mwaka ninapofundisha historia ya Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili, huwaeleza wanafunzi wangu kwamba dola inaweza kumwadhibu msomi bila kumfunga. Inatosha kumpa kazi isiyohitaji chochote katika yale anayoyajua, kisha kumfungia njia ya kupata nyingine. Chekoslovakia ilifanya hivyo kwa miaka karibu ishirini.

Usiku wa tarehe 20 Agosti 1968, majeshi ya Mkataba wa Warsaw yaliingia nchini humo kuzima mageuzi ya Alexander Dubcek. Mwaka 1970 Chama cha Kikomunisti kiliamua kubadilisha kadi zote za uanachama. Wanachama waliitwa mbele ya kamati na kuulizwa wanauonaje ujio wa majeshi yale. Aliyekataa kuuita msaada wa kindugu aliweza kunyang'anywa kadi, na mara nyingi nafasi yake chuoni, gazetini au redioni ilikwenda pamoja nayo. Watu zaidi ya 300,000 walifukuzwa chamani.

Waliofukuzwa kazini hawakuruhusiwa kukaa nyumbani. Sheria ilimhesabu mtu mzima asiye na ajira kuwa mnyonyaji wa jamii, na aliweza kushtakiwa. Wakati huohuo, faili lenye maoni ya chama juu ya mwenendo wake lilimtangulia kila alikoomba kazi. Ukabaki mlango mmoja, yaani kazi ambazo wakubwa hawakujali nani anazifanya: kuosha madirisha, kulinda usiku, kuchochea makaa kwenye boila za kupasha majengo joto.

Mchochea makaa hupakia tanuri, huzoa majivu, hutazama kipimo cha shinikizo, kisha hungoja. Kazi yenyewe haikuwa ya aibu, na wapo walioifanya maisha yao yote kwa heshima. Lakini kwa aliyesomea sheria au falsafa, adhabu ilikuwa katika kule kungoja. Uchovu wa mwili huondoka kwa usingizi. Huu wa pili hauondoki, kwa sababu hautokani na wingi wa kazi wala uchache wake. Hutokana na kujua kwamba hakuna mtu atakayekuuliza swali ambalo wewe unaweza kulijibu. Dalili yake ni kwamba msomi huanza kuacha kusoma, ingawa muda anao, kwa kuwa anachokisoma hakina pa kwenda. Wahitimu wangu walio katika kazi zilizo chini ya elimu yao hawakuhukumiwa na kamati yoyote, na tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo dalili hii wanaitambua mara moja.

Julius Tomin, mwanafalsafa, alikuwa mlinzi wa usiku katika bustani ya wanyama ya Praha. Nyumbani kwake alianzisha darasa la falsafa ya Kiyunani kwa vijana walionyimwa nafasi chuoni kwa sababu za kisiasa. Mwaka 1978 aliviandikia vyuo vikuu kadhaa vya nje akiomba wahadhiri waje, na mwaka uliofuata wahadhiri wa Oksford wakaanza kufika. Aprili 1980 polisi walivamia darasa hilo na kumkamata Anthony Kenny akiwa katikati ya mhadhara juu ya Aristotle. Mwaka huohuo Tomin aliondoka nchini.

Naona funzo la darasa lile linakosewa mara nyingi. Husemwa kwamba kazi nyepesi iliwapa wasomi muda wa kufikiri. Muda walikuwa nao wengi, na wengi waliupoteza. Kilichomwokoa Tomin, kwa muda aliodumu, ni watu waliokuja jioni maalumu ya kila wiki wakimtarajia awe amejitayarisha. Ndiyo maana polisi hawakushughulika na vitabu vyake pekee. Walikwenda kuwatawanya wasikilizaji.

Jiri Dienstbier, aliyekuwa mwandishi wa redio wa habari za nje, alifungwa miaka mitatu kwa harakati zake za haki, kisha akawa mchochea makaa. Desemba 1989, utawala ulipoanguka, alitoka kwenye boila na kuwa waziri wa mambo ya nje. Wanafunzi hupenda kisa hiki kwa sababu mwisho wake ni mzuri. Mimi huwaomba wafanye hesabu nyingine. Mhadhiri aliyeondolewa mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 45 alikuwa na miaka 64 utawala ulipoanguka. Huyo hakuitwa kuwa waziri. Alirudishiwa heshima yake akiwa mstaafu, na wanafunzi ambao angewafundisha katika miaka ile walikwisha kufundishwa na mwingine, au hawakufundishwa kabisa.