Kupachika Kurasa

Kwaya yetu hapa Kwamndolwa ilihitaji vijitabu vya nyimbo vya kurasa 8. Nilipeleka faili kwenye duka la stesheneri, nikaomba kurasa zichapwe mbili mbili kwenye karatasi ya A4, mbele na nyuma. Tulipokunja, ukurasa wa 2 ukawa jalada la mbele na wa 1 ukaangukia nyuma kabisa. Kurasa zilichapwa kwa kufuatana, 1 na 2, kisha 3 na 4, na hilo ndilo kosa lenyewe.

Kijitabu hicho kina karatasi mbili, moja ndani ya nyingine. Karatasi ya nje hubeba 8 kushoto na 1 kulia. Nyuma yake kuna 2 kushoto na 7 kulia. Ya ndani hubeba 6 na 3, kisha 4 na 5. Jumlisha kila jozi: ni 9, yaani idadi ya kurasa ukiongeza moja. Kwa kuwa kila karatasi iliyokunjwa hutoa kurasa 4, idadi lazima igawanyike kwa 4. Ukiwa na kurasa 10, ongeza mbili tupu na jozi zitatoa 13. Tupu hizo amua mwenyewe zikae wapi, la sivyo zitabaki mwishoni na jalada la nyuma litakuwa jeupe.

Kazi hii ya kuzipa kurasa mahali pake kwenye karatasi tuiiteje? Kiingereza na Kifaransa hutumia jina lenye asili ya Kilatini, maana yake kuweka juu ya kitu. Wengi wetu tungesema “kupanga kurasa”, lakini maneno hayo tayari yana kazi: kupanga vichwa, picha na safu ndani ya ukurasa. Fundi akiambiwa “panga”, atagusa maandishi ambayo hayana kosa. Mimi napendekeza *kupachika kurasa*, na nomino yake *upachikaji*. Mshale hupachikwa kwenye upinde; umbo lake halibadiliki, unapewa tu mahali pake. Ukurasa nao unapachikwa ukiwa umekwisha kupangwa. Wanaisimu wanalitumia neno hilo kwa viambishi, ila sioni msomaji atakayechanganya viambishi na karatasi.

Kompyuta nyingi hupachika zenyewe ukichagua `Booklet`. Hata hivyo karatasi imelala, basi igeuzwe kwa ukingo mfupi, `Flip on short edge`. Ikigeuzwa kwa ukingo mrefu, nyuma ya 1 utakuta 7, miguu juu. Ndiyo sababu mimi huchapa nakala moja kwanza.

Siku hizi naenda na kielelezo. Nakunja vipande viwili vya karatasi pamoja, naandika 1 hadi 8 nikifunua kama msomaji, kisha navitenganisha na kuvilaza mezani. Fundi anaona 8 karibu na 1, naye hahitaji maelezo mengine.