Komite kwa Kiingereza: M ngapi, T ngapi, E ngapi?

Swali hili linarudi kila mara mtu anapotaka kuandika barua kwa shirika linalotumia Kiingereza. Sisi huku Kongo tunasema « komite », na kwa Kifaransa tunaandika « comité », M moja na T moja. Lakini kwa Kiingereza neno lile lile linaandikwa « committee ». Iko na M mbili, T mbili, na mwishoni E mbili. Herufi tisa, na kati yao sita zinatembea mbili mbili.

Jibu fupi njo hilo. Lakini ukilikariri tu bila kujua sababu, siku moja litakupotea mbele ya karatasi. Lilinipotea mimi mwenyewe.

Komite ya maji ya kartie yetu iliomba niwasaidie kuandika jina lao kwa Kiingereza, juu nilikuwa ninasoma kidogo lugha hiyo. Wao walitaka kutengeneza kashe, ule muhuri wa kupiga chini ya barua. Niliwaandikia « Water Commitee ». Nilikuwa na hakika kabisa, kwa sababu nilikumbuka kwamba neno linapenda herufi mbili mbili: niliweka M mbili, niliweka E mbili, nikaona inatosha. Mchongaji alichonga vile nilivyoandika. Wakati wa kutia sahihi mkataba wa kununua mabomba, jina kwenye mkataba lilikuwa na T mbili, jina kwenye kashe lilikuwa na T moja. Mtu wa feza wa shirika alirudisha karatasi: majina hayafanani. Papa prezida wa komite hakunigombeza, aliniuliza tu: « Sasa mwana, T ile nyingine ilienda wapi? » Kashe ya pili ililipwa upya, na mabomba yalichelewa majuma mawili.

Tuitafute basi ile T, na herufi zingine pamoja nayo.

M mbili zinatoka kichwani mwa neno

Neno « committee » limejengwa na vipande vitatu: com, mit, na ee. Kichwa « com » kinatoka katika Kilatini na maana yake ni « pamoja ». Kipande cha katikati, « mit », nacho ni cha Kilatini, kinatoka katika neno la kutuma. Kichwa kinaisha na M, katikati inaanza na M. Ukiviunganisha, kila kimoja kinakuja na M yake: com + mit = commit. Hakuna M iliyoongezwa. Ni mbili tangu mwanzo.

Ukitaka kukumbuka, tazama neno ambalo sisi wote tunalijua kwa Kifaransa, « commission ». Hata Kifaransa kinaiandika na M mbili. Ni ndugu wa committee, tumbo moja.

Kumbe mbona « comité » ya Kifaransa iko na M moja? Hapa kuna jambo la kushangaza. Wafaransa hawakulirithi neno hili moja kwa moja kutoka Kilatini. Walilikopa kwa Waingereza katika karne ya 17, na walipolikopa waliliandika kwa namna yao, wakapunguza herufi. Sisi tukalichukua kwa Wafaransa, tukasema komite. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania walilichukua kwa Waingereza, wakasema kamati. Neno ni moja, njia ni mbili.

T mbili zinatoka kwenye mkazo

T njo inayosumbua watu wengi zaidi, kwa sababu neno la mwanzo, « commit », liko na T moja tu. Ya pili inaingia wakati wa kuongeza mkia.

Kanuni ya Kiingereza ni hii. Chukua neno la kitendo linaloisha na konsonanti moja, na mbele ya konsonanti hiyo kuna vokali moja tu. Tena sauti iwe na nguvu kwenye silabi ya mwisho. Ukiliongezea mkia unaoanza na vokali, unarudia ile konsonanti. Commit inatimiza yote: inaisha na T moja, mbele yake kuna i moja, na Waingereza wanasema co-MIT, nguvu mwishoni. Kwa hiyo wanaandika committed, committing, na committee.

Sasa jaribu mkia unaoanza na konsonanti, kama « -ment ». Kanuni haifanyi kazi tena: wanaandika « commitment », T moja peke yake. Hapa njo watu wanaanguka. Mtu akishajua committee iko na T mbili, anaandika « committment », na ni kosa. Mkia ukianza na vokali, T mbili. Mkia ukianza na konsonanti, T moja.

E mbili ni mkia wa mtu aliyetendewa

Katika Kiswahili tunasema mwajiri na mwajiriwa. Yule wa kwanza anatenda, yule wa pili anatendewa, na ile « -wa » ya mwisho njo inatuonyesha. Kiingereza nacho kiko na mkia wa namna hiyo, « -ee ». Mwajiri ni employer, mwajiriwa ni employee. Anayefundisha kazi ni trainer, anayefundishwa ni trainee.

Commit, kwa maana yake ya zamani, ni kukabidhi. Basi committee ni aliyekabidhiwa. Hapo zamani neno hili lilimtaja mtu mmoja tu aliyepewa jambo alishughulikie. Baadaye ndipo likageuka kuwa kikundi cha watu.

Mkia « -ee » Waingereza waliutoa katika « é » ya Kifaransa. Hiyo inatusaidia sana sisi tuliosoma Kifaransa: employé inakuwa employee, réfugié inakuwa refugee. Lakini uangalie mtego mmoja. Maneno mengi ya Kifaransa yanayoisha na « -té » yanageuka « -ty » kwa Kiingereza: université inakuwa university, qualité inakuwa quality. Mtu akifuata njia hiyo na « comité », anaandika « comity ». Na ubaya ni kwamba comity ni neno la kweli la Kiingereza. Maana yake ni adabu na heshima kati ya watu ao kati ya inchi. Kompyuta haitaonyesha kosa, na wewe utakuwa umeandika « Adabu ya Maji ».

Je, kila neno la -ee linarudia konsonanti?

Hapana. Mengi hayarudii, na sababu iko ndani ya ile kanuni ya juu. Train iko na vokali mbili mbele ya N, kwa hiyo trainee iko na N moja. Trust inaisha na konsonanti mbili tayari, kwa hiyo trustee haihitaji nyingine. Refugee haitoki katika kitendo cha Kiingereza, ilitoka moja kwa moja katika réfugié, basi G inabaki moja.

Yanayofanana na committee ni machache. Permit, kuruhusu, inazaa permittee, aliyepewa ruhusa. Allot, kugawia, inazaa allottee, aliyegawiwa. Kama neno linarudia konsonanti mbele ya « -ed », angalia kama linarudia pia mbele ya « -ee »: permitted, permittee, committed, committee.

Kuna kundi moja linalokataa, nalo ni la maneno yanayoisha na « -fer ». Refer inakuwa referred, R mbili. Lakini mwamuzi wa mpira ni referee, R moja katikati. Transfer inakuwa transferred, lakini anayehamishwa ni transferee. Hapo nguvu ya sauti imehama: wanasema re-FER, halafu re-fe-REE. Silabi « fer » imepoteza nguvu, na R ya pili ikaondoka nayo. Ni sawa vile reference na conference zilivyo na R moja.

Kwa wale wenye ndugu katika kambi za wakimbizi za Uganda, jina moja linawafundisha yote. Kule viongozi waliochaguliwa na wakimbizi wanaitwa « Refugee Welfare Committee », kwa ufupi RWC. Ukiandika barua kwao, maneno mawili yanaisha na -ee. La kwanza halirudii kitu katikati, la pili linarudia yote mawili.

Na ukiongeza mkia juu ya -ee?

Kuna hatua ya mwisho. Neno likiisha na ee, Kiingereza hakitaki E tatu zifuatane. Agree, kukubaliana, ukiipa « -ed » inakuwa agreed, si « agreeed ». Lakini mbele ya « -ing » E zote mbili zinabaki: agreeing, refereeing. Hapo ni tofauti na maneno yenye E moja ya kimya, kama make, ambayo inaipoteza na kuwa making. Kwa wingi unaongeza S tu: committees, refugees.

Namna ya kukagua kabla ya kupiga kashe

Kama kompyuta yako imewekwa katika Kifaransa, itapiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiingereza, zuri na baya, na macho yatachoka. Kwanza badilisha lugha ya maandishi iwe Kiingereza. Halafu, katika maandishi ya Kiingereza, bonyeza Ctrl+F na utafute vipande hivi viwili, kimoja kimoja:

```
comit
mite
```

Cha kwanza kinakamata kila mahali uliposahau M ya pili, na « comity » nayo inanaswa. Cha pili kinakamata kila mahali uliposahau T ya pili, kwa sababu neno lililoandikwa vizuri halina « mite » ndani yake. Zile E mbili za mwisho uzihesabu kwa macho.

Kama ni kwa mkono, andika vipande vitatu kwanza: com, mit, ee. Viunganishe, halafu uongeze T moja mbele ya mkia. Kashe ya zamani ya komite yetu bado iko kwa sekretere, ndani ya mtoto wa meza. Tangu siku ile, kabla ya kumpelekea mchongaji jina lolote, wanalipitisha kwa watu wawili, na kila mtu anahesabu herufi kwa kidole.