Joto la nyuzi 85 Turiani: Kipimo kisichowezekana kifutwe au kiwekewe alama?

Kituo kidogo cha hali ya hewa kikifungwa Turiani, wilayani Mvomero, chini ya milima ya Nguru, hupima joto kila saa na kutuma vipimo kwenye kompyuta, ambako hutafutwa wastani wa siku na wa mwezi. Wakati mwingine katikati ya vipimo hivyo hutokea tarakimu ya ajabu: 85, au -127. Hakuna mahali duniani palipowahi kufikia joto hilo wala baridi hiyo. Je, mwenye kumbukumbu afanye nini?

Kosa linalojificha ndani ya wastani

Tuchukue mfano wa siku moja yenye vipimo 24. Vipimo 23 ni sahihi na wastani wake ni nyuzi 25 za Selsiasi. Kimoja kimesomeka -127. Ukivijumlisha vyote na kugawa kwa 24, unapata nyuzi 18.7. Kama kile kimoja kingekuwa 85, ungepata 27.5.

Hapo ndipo penye hatari. Anayeiona 85 hushtuka mara moja, lakini anayeiona 27.5 haoni cha kushangaza, kwani ni joto la kawaida kwa Turiani. Mkulima wa miwa au mpunga anayesoma wastani peke yake hawezi kujua kwamba umeharibika. Kwa hiyo vipimo vikaguliwe kimoja kimoja kabla ya kutafuta wastani.

Tarakimu mbaya nayo ina habari

Tarakimu hizi mbili hazitokei ovyo. Vituo vingi vya bei nafuu hutumia kihisi joto kiitwacho DS18B20. Kikiwashwa, kabla hakijapima chochote, huwa kimeshika tarakimu 85. Nayo programu inayotumika sana kukisoma hutoa -127 inapokosa mawasiliano nacho. Fundi akiona 85 mara kwa mara, ataanza kukagua umeme au betri. Akiona -127, ataanza na waya. Ukizifuta, umemnyima fundi dalili za ugonjwa.

Mfano mkubwa ulitoka Libya. Tarehe 13 Septemba 1922, kituo cha El Azizia kiliandika nyuzi 58, zikahesabiwa kuwa joto kubwa kuliko yote duniani. Mwaka 2012, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, liliiondoa rekodi hiyo. Wachunguzi waliirudia karatasi ya awali ya vipimo, wakaona kuwa mpimaji huenda alikuwa mgeni wa kazi na aliandika katika safu isiyostahili. Kama karatasi ile ingekuwa imesahihishwa au kutupwa, kosa lisingefahamika baada ya miaka 90.

Weka alama, kisha uache nje ya hesabu

Njia iliyo salama ni kuacha faili la awali lilivyo, na kuongeza safu ya alama pembeni: 0 kwa kipimo sahihi, 1 kwa chenye shaka, 2 kwa kisichowezekana. Wastani utafutwe bila kuhesabu vyenye alama 2. Katika jedwali la kompyuta, joto likiwa safu B na alama safu C, andika:

```
=AVERAGEIF(C2:C25,"<2",B2:B25)
```

Katika mfano wetu, jibu linarudi kuwa nyuzi 25. Usiweke sifuri mahali pa kipimo kibaya, kwa sababu sifuri nayo ni joto na itashusha wastani.

Si kila cha ajabu ni kosa

Alama 1 ina kazi yake. Mvua ya radi ya alasiri inaweza kushusha joto kwa nyuzi kumi ndani ya saa moja. Mruko huo unatia shaka, lakini unawezekana. Angalia kama kipimamvua kilipata maji saa hiyo, na kama kituo cha jirani kiliona hali hiyo. Ukifuta kila kinachokushangaza, utabaki na hali ya hewa isiyo na dhoruba wala siku za joto kali.

Hata kuacha nje kuna mipaka. Waya ukikatika kila siku saa 8 mchana, vipimo vinavyobaki vitakuwa vya asubuhi na usiku zaidi, na wastani utaonyesha baridi kuliko ilivyo. Kwa hiyo taja daima ni vipimo vingapi vilivyotumika. Kwa wastani wa mwezi, mwongozo wa WMO unasema usitolewe iwapo siku 11 au zaidi zimekosekana, au siku 5 mfululizo. Hapo jibu sahihi ni kuacha nafasi wazi.